Chumvi ya K.R.

Ukurasa wa 61 ulikataa kujumlika. Nilikuwa nimekaa Lubumbashi, mezani, simu upande wa kushoto na daftari jipya upande wa kulia, nikinakili picha za kitabu cha duka la marehemu baba. Nilikwenda mstari kwa mstari, jina kisha tarehe kisha kiasi, na kila nikifika chini nikalinganisha jumla yangu na yake. Kurasa sitini zilikuwa zimekubali bila ubishi. Huu wa sitini na moja, wa mwisho wa Desemba 1979, ulinipa zaire 1,046 na makuta 40. Baba alikuwa ameandika 1,226 na makuta 40.

Kitabu chenyewe kiko Kabongo kwa baba mdogo, na hakitoki. Ndivyo walivyoamua wakubwa baada ya matanga, na sikuwa na hoja. Nilichopewa ni picha 212, alizopiga binamu yangu kwa simu mchana kweupe, taa ya simu ikiwaka. Nyingi ni nzuri. Wino wa kalamu ya bluu umefifia lakini unasomeka, na mwandiko wa baba ni wa mtu aliyefundishwa na wakali: 7 yake ina mkato katikati, 1 yake ina mkia mrefu unaopanda kama mtu anayenyoosha mkono darasani. Ukisahau mkato ule unageuza zaire 10 kuwa 70, na utahangaika wiki nzima.

Mafunzo hayo aliyapata akiwa karani wa mfanyabiashara mgeni, siku zile njia ya reli ya kutoka Kamina kwenda Kabalo ilipokuwa mpya. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1956, na Kabongo, mji wa machifu, kiti cha tawi moja la ufalme wa Waluba, ukawa pia mji wa stesheni. Maduka yakafuata reli. Halafu tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa kwa wananchi. Duka alilokuwa akifanyia kazi baba likapewa mtu mwingine, mwenye kujuana na watu, na rafu zikabaki tupu baada ya miezi michache. Baba alitoka na mizani, kopo la kupimia, na mazoea ya kuandika pande mbili. Kushoto wanaodaiwa, kulia wanaodai. Chini ya ukurasa aliandika "inabebwa", na juu ya ukurasa unaofuata "imebebwa", ili jumla isikatike njiani.

Ukurasa wa 61 ulikuwa wa upande wa kulia, wa watu waliomwekea baba fedha zao. Mwenye duka kijijini ni mkopeshaji, na ni sanduku pia: mwalimu anaacha nusu ya mshahara, mjane anaacha fedha ya mahindi, kisha wanachota kidogo kidogo kwa sabuni na mafuta ya taa. Kwa hiyo kila kiasi kwenye ukurasa ule kilikuwa deni la baba mwenyewe.

Tofauti ilikuwa zaire 180 kamili. Yeyote aliyewahi kukaa na hesabu za duka anajua kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa inakuchekea. Mara nyingi maana yake ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: ukisoma 310 ukaandika 130, unapotea kwa 180 barabara, vilevile 420 na 240, vilevile 530 na 350. Nilirudi kwenye ukurasa nikitafuta jozi ya aina hiyo, mamia na makumi yanayopishana kwa mbili. Hakuna. Nikajaribu hila ya pili, kugawa tofauti kwa mbili, maana kiasi kilichoandikwa upande usio wake huharibu jumla mara mbili yake. Nikatafuta 90. Nikaipata! Zaire 90 za fundi cherehani, karibu na mwisho. Nilifurahi kwa dakika kama kumi, kisha nikaona kwamba fundi yule yuko upande wa kulia tangu Agosti, na kila mwezi anabebwa vizuri bila kosa. Sikuwa na pa kwenda tena.

Kosa lilikuwa kwenye picha. Taa ya simu ikimulika karatasi kutoka mbele, wino unabaki mweusi lakini penseli inapotea, kwa sababu risasi ya penseli inang'aa, inarudisha mwanga pamoja na karatasi. Nilimpigia binamu. Nikamwomba asubiri usiku, azime taa zote, aweke kitabu wazi mezani na ashike tochi chini kabisa, ubavuni mwa ukurasa, karibu mwanga uambae karatasi. Alinicheka, akauliza kama namtafuta mchawi. Saa tatu usiku picha ikaingia. Karatasi ilikuwa imegeuka nchi ya vilima na mabonde, na chini ya mstari wa "K.R., 120" ulioandikwa kwa wino, kulikuwa na mstari mwingine, wa kijivu:

"K.R. — 180 — ya kumi × 18 — Kamina 28/12."

Ulikuwa umeandikwa juu yake wenyewe zaidi ya mara moja. Tochi ilionyesha mifereji miwili isiyolingana vizuri. Baba alikuwa akirudia kuupitia kwa penseli ileile ulipoanza kufutika.

Sasa penseli kwa baba haikuwa kalamu ya bahati mbaya. Kila kilichokuwa hakijathibitika alikiandika kwa penseli, na kikishathibitika alikipitia kwa wino. Hapo awali nilidhani penseli ni alama ya jambo dogo. Lakini jumla ya chini ilikuwa ya wino, na zile 180 zilikuwemo ndani yake. Nikafungua ukurasa wa 62: imebebwa, pamoja na 180. Wa 63, vilevile. Nilikwenda hadi ukurasa wa mwisho, Oktoba 1983, na kila mahali zile zaire zilikuwa ndani ya jumla, na mstari wake haukuandikwa tena popote. Hakukuwa na jina. Jumla ndiyo iliyokuwa ikilibeba.

*

Tarehe 25 Desemba 1979, Krismasi, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Mipaka ilifungwa. Wenye noti walipewa siku chache wazipeleke benki, na kiasi cha kubadilishiwa kiliwekewa kikomo. Shabaha ilikuwa kukausha fedha zilizojaa mikononi mwa watu na kuwanasa walanguzi. Aliyekuwa mjini karibu na benki alipata chochote. Aliyekuwa kijijini, na noti zake kwenye mkebe chini ya kitanda, alisikia habari kwa redio ya jirani huku akihesabu siku za njia.

Kutoka Kabongo hadi Kamina kwa barabara ni karibu kilomita 200, na Desemba ni mvua. Hapo nikafunga safari. Nilitaka kuipita njia ile ya tope kwa mwelekeo wa kinyume, nikianzia Kamina alikoishia baba, nikaishie alikotokea, kwa baba mdogo.

Sitasimulia mashimo yote. Msomaji wa Haut-Lomami anayajua na wa kwingine hataamini. Nitasema tu kwamba siku ya pili tulisimama saa tano tukisubiri lori lililolala ubavu lisimamishwe, na mzee mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaniambia, bila kuulizwa, kwamba mahali pale magari yamekuwa yakilala tangu yeye mtoto. Nikaandika mahali hapo kwenye daftari langu. Huenda baba alisimama hapohapo na mkoba wake.

"Wakomapo," nilimsalimu baba mdogo, na Kiluba changu kikaishia hapo kama kawaida.

Aliniacha nile kwanza. Nilipomwonyesha picha ya tochi aliishika mbali na macho, kisha karibu, kisha akairudisha.

"Huyo kapita," alisema. "Kapita wa reli."

K.R. alikuwa msimamizi wa kikosi cha watu waliotengeneza njia ya reli, waliokaa kambini nje kidogo ya stesheni. Asubuhi ya tarehe 26 alikuja dukani na noti thelathini za kumi, zaire 300, fedha aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya kujenga. Hakuweza kuacha kazi. Baba alikuwa anakwenda Kamina na fedha zake mwenyewe, basi akachukua na za kapita. Aliandika 300 kwa penseli, na baba mdogo alikuwepo. Yeye ndiye aliyekwenda naye, amebeba mkoba.

"Tulifika tarehe 28, mchana. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Baba yako akapenya. Dirishani akaweka fungu lake kwanza."

Nilingoja.

"Lake kwanza, mwanangu. Halafu la kapita. Yule wa dirishani alihesabu lote la baba yako, akaanza la kapita, akafika noti ya kumi na mbili, akafunga. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliona. Kama angetanguliza la kapita, angerudi na 300 za mwenzake, na pengo lingekuwa kwenye fedha yake mwenyewe."

Kwa hiyo 120 zilithibitika na zikapitiwa kwa wino. Zile 180 zilibaki penseli. Kisheria hakukuwa na deni: noti zilizokufa ni noti zilizokufa, na aliyeziua hakuwa baba. Baba mdogo alimwambia hivyo njiani wakirudi, na alikuwa bado anaona kwamba alisema kweli. Baba alimrudishia kapita noti zile kumi na nane, zenye picha ya Mobutu na chui, na 120 mpya. Kapita akasema basi, ni mambo ya serikali. Baba akaenda nyuma ya kaunta akafungua kitabu.

"Alimwambia kapita kwamba lake lilitangulia?"

"Hapo sikuwepo," alisema baba mdogo. Kisha akaongeza: "Kapita alihamishwa Kitenge. Binti yake yupo huko, anauza mawese."

*

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo nilikuwa nikiiahirisha: zaire 180 ni kiasi gani leo?

Njia ya sheria ni fupi na ni ya kuchekesha. Zaire ilipozaliwa tarehe 24 Juni 1967 ilichukua nafasi ya faranga 1,000 za zamani, na ilikuwa na thamani ya dola mbili. Mwisho wa 1979, kwa bei rasmi, ilihitajika zaire mbili kupata dola moja. Deni la kapita lilikuwa kama dola 90. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, ambayo jirani zetu wa Kasai waliikataa kabisa wakaendelea na noti zao kuukuu. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya sasa, moja kwa zaire mpya laki moja. Gawa 180 kwa milioni tatu, kisha gawa kwa laki moja. Unabaki na faranga 0.0000000006. Hakuna sarafu ya kulipa hiyo, wala punje ya chumvi ya bei hiyo.

Na chumvi ndiyo iliyonitoa usingizini. Kwenye picha nilikuwa nimenakili mistari ya ajabu iliyojirudia kila mwezi tangu Januari 1980: "K.R., chumvi, makopo 2", na mahali pa bei kistari tupu. Niliiweka kando nikidhani ni zawadi au ni karamu ya kanisa. Nikaihesabu sasa. Ilikuwa mistari 33, hadi Septemba 1982, kisha ikakoma. Makopo 66.

Kwa kuwa wateja wengine walinunua chumvi kwa bei iliyoandikwa, niliweza kujaza vistari vile. Januari 1980 kopo lilikuwa makuta 60. Septemba 1982 lilikuwa limepita zaire tatu. Nikizidisha kila mwezi kwa bei yake, kapita alikuwa amepokea chumvi ya zaire 131 na makuta 40. Ukipima kwa fedha, zimebaki 48 na makuta 60. Ukipima kwa chumvi, mambo yanageuka: siku deni lilipozaliwa, zaire 180 zilinunua makopo 300, na kapita amepata 66. Yamebaki 234. Hesabu mbili safi kutoka kitabu kimoja, na moja inasema baba alikaribia kumaliza, nyingine inasema alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Na baba mwenyewe hakutoa hata likuta moja. Kila mwezi, baada ya chumvi, alibeba 180 nzima.

Sidhani alichagua chumvi kwa kukosa kingine. Katika nchi hii chumvi ni fedha ya zamani kuliko duka lolote. Mwanahistoria Thomas Reefe, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu ufalme wa Waluba, ameonyesha jinsi chumvi na chuma vilivyosukuma biashara ya hapa kabla ya mzungu wa kwanza. Kusini kidogo, kwenye makaburi ya Sanga yaliyochimbwa na akina Jacques Nenquin kuanzia 1957, watu walizikwa na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha, na wachimbaji waliona kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na ya kufanana. Kupungua kwa fedha hakukuanza na Mobutu. Lakini kopo la chumvi halipungui, isipokuwa mwenye kopo akiligonga matako.

*

Kitenge iko mbele ya Kabongo kwenye njia hiyohiyo ya reli. Binti wa kapita ni mama mzima, mwenye wajukuu, na nilimkuta akimimina mawese kutoka dumu kubwa kwenda kwenye chupa, kwa mrija. Alimaliza chupa aliyoanza kabla ya kuniitikia. Nikamweleza mimi ni mtoto wa nani.

"Wa duka la Kabongo," alisema. "Kaa, papa."

Nilimwambia yote, pamoja na fungu lililotangulia dirishani. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sehemu hiyo sitaificha, na ilipofika nikaisema haraka, nikitazama dumu. Hakushtuka.

"Baba alijua. Baba yako alimwambia siku ileile. Ndiyo maana ya chumvi." Alifuta mikono. "Baba alikataa kulipwa. Alisema fedha imeuawa na wakubwa, utalipaje maiti. Baba yako akasema basi, mimi nitaibeba kwenye kitabu, na kila mwezi ninaoibeba, wewe utachukua makopo mawili. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Nilikuwa naichukua kwa kitambaa."

Nilimfungulia daftari langu, nikamwonyesha hesabu zote mbili, 48 na makuta 60, na makopo 234. Nilieleza vizuri, nadhani, na nilikuwa tayari kulipa ile kubwa. Alisikiliza kwa adabu kama mtu anavyomsikiliza daktari anayezungumzia ugonjwa wa mtu mwingine.

"Chumvi ilikoma lini kwenye kitabu?"

"Septemba 1982."

"Ndipo tulipohamia huku. Na kitabu kinaisha lini?"

"Oktoba 1983." Mwezi mmoja kabla, Septemba 1983, zaire ilikuwa imeshushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu, na baba hakuanza kitabu kingine cha aina ile. Baada ya hapo aliuza kwa taslimu tu.

"Mpaka kinaisha, alikuwa bado anaibeba?"

"Mpaka ukurasa wa mwisho."

Akahesabu kwa vidole, Oktoba, Novemba, Desemba, akaenda akageuka. "Miezi kumi na mitatu aliibeba na sisi hatukuchukua. Makopo ishirini na sita."

Nilijaribu kumwambia kwamba zile 180 zenyewe bado zipo. Alinikatiza kwa mkono: hizo walikwishamalizana, wazee kwa wazee. Yeye anazungumzia chumvi.

Mvulana alitumwa kwa jirani mwenye duka, akarudi na mfuko wa kilo ishirini na tano kichwani, nikaulipia. Mama akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa lililoliwa kutu ukingoni, akalikagua chini kama halijagongwa, akanipa. Mimi nikachota, yeye akahesabu kwa sauti. Nilianza kwa kusawazisha juu kwa kiganja. Akaniambia Kabongo hawakuwa wanasawazisha, waliacha kilima. Nikarudia la kwanza kwa kilima. Wajukuu walisogea. Lilipofika la ishirini na sita, nilichota gao moja zaidi nikaliweka juu ya lundo, matabishi, kama afanyavyo muuzaji yeyote mwenye tabia njema.

Alikusanya gao lile kwa vidole, taratibu, punje zote, akalirudisha mfukoni mwangu mwa chumvi.

"Hiyo," alisema, "haimo kwenye kitabu."